Tope Lililobakizwa Chupani: Historia ya Kusafisha Majitaka

Katika kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames, upitao katikati ya London, ulinuka hata wajumbe wa Bunge, ambao jumba lao limejengwa ukingoni mwake, wakawa hawawezi kuketi na kusemezana ila kwa kutundika madirishani mapazia yaliyochovywa katika chokaa ya klorini. Na wajumbe hao hao, waliokuwa wameliahirisha shauri la makaro kwa miaka mingi, wakaipitisha sheria yake mwezi wa Agosti kwa haraka isiyokuwa na mfano. Kazi ilikabidhiwa mhandisi Joseph Bazalgette, naye akajenga chini ya mji mifereji mikuu yenye urefu upatao kilomita 130, iliyoyadaka majitaka ya nyumba kabla hayajafika mtoni na kuyachukua upande wa mashariki, hata Barking katika ukingo wa kaskazini na Crossness katika ukingo wa kusini. Huko yalihifadhiwa katika mahodhi makubwa, na maji ya bahari yalipoanza kupwa milango ilifunguliwa ili yaende nayo.

Ilikuwa kazi adhimu ya uashi, na sehemu yake kubwa ingali ikitumika hata leo. Lakini uchafu wenyewe ulikuwa umehamishwa tu, haukusafishwa, na jambo hilo lilidhihirika kwa msiba. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria iliyoitwa Princess Alice iligongana na meli ya makaa ya mawe karibu na mahali hapo pa kumwagia, muda mfupi baada ya mahodhi kufunguliwa, na watu zaidi ya 600 wakapoteza maisha yao katika maji ambayo walionusurika waliyasimulia kwa machukizo makubwa. Tume iliundwa baadaye, ikatoa hukumu kwamba majitaka hayafai kuachiwa mto yakiwa ghafi. Na kabla ya muongo uliofuata kwisha, kazi ilikuwa imeanza Barking ya kuyatia chokaa na chumvi ya chuma ili taka zigandamane na kuzama, na tope lililopatikana likapakiwa melini na kwenda kutupwa baharini.

Hivyo ndivyo sehemu ya kwanza ya mtambo wa majitaka ilivyozaliwa, yaani ile inayotegemea uzito tu na isiyohitaji uhai wa kiumbe chochote. Na ingawa chokaa iliachwa katika miji mingi kwa gharama zake, mpango wenyewe haujabadilika. Majitaka yafikapo hukutana kwanza na safu ya nondo zilizosimamishwa kwa mwinamo, nazo huzuia matambara, vijiti, nywele na siku hizi mifuko ya plastiki, na reki huzikwangua taka hizo na kuziondoa. Msimamizi hujua kwamba nondo zimeziba kwa kuutazama uso wa maji: ukiwa juu sana upande wa kuingilia kuliko upande wa kutokea, basi njia imesongwa. Asiposhughulika, ama maji yatafurika, ama matambara yatapenya na kujisokota katika pampu hata zisimame.

Baada ya nondo huja mfereji wa mchanga, na hapa pana hesabu ndogo yenye hekima kubwa. Maji yakipita kwa mwendo wa sentimita 30 hivi kwa sekunde, chembe za mchanga huanguka chini kwa uzito wake, lakini kinyesi na mabaki ya chakula, vilivyo vyepesi zaidi, huendelea kuelea na kusonga mbele. Mwendo ukipungua, vyote viwili huanguka pamoja, na mchanga unaochotwa hunuka. Mwendo ukizidi, mchanga hupita na kwenda kuzila pampu na kujaza mahodhi ya mbele. Kwa hiyo mtu mwenye uzoefu huweza kuupima mwendo wa maji kwa pua yake, akisimama tu kando ya lundo la mchanga uliotolewa asubuhi ile.

Kisha ni hodhi la kutuliza, ambamo maji hukaa kwa muda wa saa mbili hivi yakitembea polepole mno. Zaidi ya nusu ya chembe zilizokuwa zikielea huzama hapo. Lakini ukipima ule uchafu unaonyang'anya maji oksijeni yake, utaona umepungua kwa kadiri ya thuluthi moja tu. Na kurefusha muda wa kutuliza hakusaidii, kwa kuwa tope likilala sana chini huoza, likatoa mapovu, na vipande vyeusi vikaibuka tena juu. Sababu ya mpaka huo ni kwamba sehemu kubwa ya uchafu imeyeyuka kabisa katika maji, au imesagika hata haina uzito wa kuzama. Wahandisi wa karne ya kumi na tisa walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wa kutua, na mito iliendelea kuoza.

Ufunguo ulitoka Ufaransa. Mwaka 1877 wakemia Schloesing na Müntz walipitisha majitaka polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa, na kwa muda wa siku 20 amonia iliyoingia juu ilitoka chini vile vile ilivyoingia. Kisha, bila wao kubadilisha lolote, ikaanza kugeuka kuwa naitreti. Kama ungekuwa ni mgeuko wa kikemia tu, ungaliweza kuanza tangu saa ya kwanza. Na ili kuondoa shaka yote walitia mvuke wa klorofomu, ambao hulevya vilivyo hai, na mgeuko ukakoma mara moja. Waliposafisha bomba na kuongeza maji yaliyotoka katika udongo mzuri, ukaanza upya. Kwa jaribio hilo moja ilithibitika kwamba wanaosafisha majitaka ni viumbe hai wasioonekana kwa macho, na kwamba wanahitaji muda wa kuzaliana kabla ya kazi yao kuonekana.

Wamarekani wa jimbo la Massachusetts waliyachukua maarifa hayo na mwaka 1887 wakafungua kituo cha majaribio mjini Lawrence, ambacho wataalamu wa nchi nyingine walikuja kukizuru kama wanafunzi waendavyo kwa mwalimu. Kutokana na majaribio ya namna hiyo miji ya Uingereza ilianza kujenga vitanda vya mawe na vya makapi ya makaa ya mawe, ambamo majitaka yaliyokwisha tulizwa yalinyunyizwa au kujazwa, na juu ya kila jiwe ukaota utando telezi wa viumbe uliokula uchafu uliopita. Vitanda vya kunyunyizia ni vyema, na vipo vinavyotumika hata sasa; mtambo wa Kariobangi, Nairobi, ulijengwa kwa mfumo huo. Ila vinataka ardhi nyingi, na vile vya kujaza na kumwaga vilikuwa vikiziba kwa tope hata vikapoteza nafasi yake mwaka baada ya mwaka.

Manchester ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, wenye watu wengi na mto mdogo, na majitaka yake yalipelekwa Davyhulme, kando ya mfereji wa meli uliofunguliwa mwaka 1894. Mji ulikuwa na vitanda vya makapi vilivyotandazwa juu ya eneo kubwa, na ulikuwa na meli ya kupeleka tope baharini, lakini bado haukuridhika na maji yaliyotoka. Mkemia mshauri wake, Gilbert Fowler, alisafiri kwenda Amerika mwaka 1912 kwa ajili ya shauri la bandari ya New York, akapata fursa ya kufika Lawrence, na huko akaonyeshwa vyombo vya majitaka vilivyokuwa vikipulizwa hewa, pamoja na mwani wa kijani, hata maji yakawa safi. Watu walikuwa wamejaribu kupuliza hewa katika majitaka kwa miaka mingi kabla ya hapo na kukata tamaa, maana ilichukua muda mrefu na nguvu nyingi kwa faida haba. Fowler aliporejea aliwaeleza aliyoyaona wakemia wa Davyhulme, Edward Ardern na William Lockett, akawahimiza wajaribu.

Lockett alitia majitaka katika chupa, akazifunika kwa karatasi ya kahawia ili mwanga usiingie na mwani usiote, akapuliza hewa usiku na mchana. Majuma matano hivi yalipita kabla amonia yote haijageuka kuwa naitreti, na kama wangeishia hapo, jaribio lao lingalihesabiwa pamoja na yale mengine yaliyoshindwa. Lakini hawakuishia hapo, na kitendo walichokifanya ndicho ambacho mimi huona kwamba hakina budi kukumbukwa kuliko chochote katika historia hii. Waliotangulia, kila walipomaliza jaribio, walimwaga kila kilichokuwamo, wakaosha chombo na kuanza upya. Ardern na Lockett walisimamisha hewa, wakaliacha tope la kahawia litue, wakamimina maji safi ya juu peke yake, na tope wakalibakiza chupani. Kisha wakatia majitaka mapya juu yake. Safari ya pili muda ulipungua. Wakarudia, ukapungua tena, na tope likaongezeka. Na baada ya kurudia mara nyingi, kazi iliyochukua majuma matano ikawa inakamilika kwa muda wa saa 24, na baadaye, tope lilipofikia kiasi cha kutosha, kwa muda wa saa chache tu.

Matokeo hayo yalisomwa hadharani mjini Manchester tarehe 3 Aprili 1914, katika mkutano wa chama cha wakemia wa viwanda. Ilikuwa dhahiri tangu siku hiyo kwamba uchafu ule ambao miji ilikuwa ikilipia meli kwenda kuutupa ulikuwa na jeshi zima la viumbe ndani yake, na kwamba majuma matano ya kwanza yalikuwa ni muda wa kuliandikisha jeshi hilo. Aliyemwaga tope alilivunja jeshi kila mara na kuanza kuliandikisha upya.

Kutoka chupani hadi mtamboni palikuwa na ugumu mmoja. Chupa hujazwa, husubiriwa, humiminwa; mji hausubiri. Mji wa Salford ulianza upesi na mahodhi ya kujaza na kumwaga, lakini mfumo ulioenea duniani ni ule wa mfululizo, uliojengwa Worcester mwaka 1916, ambamo hewa na utulivu vimetenganishwa katika mahodhi mawili. Katika hodhi la kwanza majitaka na tope huchanganyika na kupulizwa hewa. Katika la pili mchanganyiko hutulia, maji safi hufurika juu, na tope lililozama hurudishwa kwa pampu mwanzoni mwa hodhi la kwanza. Pampu hiyo ya kurudisha hufanya kila saa, bila kupumzika, kile ambacho mkono wa Lockett ulikifanya juu ya chupa. Na kwa kuwa viumbe huzidi kuzaliana, sehemu ndogo ya tope huondolewa kila siku. Na kiasi hicho kinachoondolewa ndicho usukani wa mtambo. Ukiondoa jingi, viumbe vinavyogeuza amonia, ambavyo huzaliana polepole mno, hutoka upesi kuliko vinavyoongezeka, na amonia hupita bila kuguswa ingawa maji yanaonekana maangavu. Ukiondoa kidogo mno, tope huzeeka, huwa zito hodhini, na hula hewa nyingi.

Mfumo huo ulisambaa kwa kasi, na mwaka 1925 Milwaukee, kando ya ziwa Michigan, ulifungua mtambo mkubwa ambao tope lake lilikaushwa na kuuzwa kama mbolea. Hapo palizuka daawa, kwa kuwa kampuni iliyokuwa na hati za kumiliki uvumbuzi iliushitaki mji huo na kushinda. Ila mahakama ya rufaa, mwaka 1934, ilikataa kuamuru mtambo ufungwe, kwa hoja kwamba kuufunga ni kuyamwaga majitaka ya mji mzima ziwani. Naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Kipimo cha kazi njema kilikuwa kimekwisha wekwa kabla ya chupa za Davyhulme. Tume ya kifalme ya Uingereza iliyoanza kazi mwaka 1898 ilitoa ripoti yake ya nane mwaka 1912, ikashauri kwamba maji yanayorudishwa mtoni yasiwe na zaidi ya miligramu 30 za chembe kwa lita moja, wala yasinyang'anye zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa lita katika muda wa siku tano. Na hilo la pili hupimwa kwa kujaza chupa, kuifunga isiingie hewa, kuiweka gizani, na kuipima oksijeni yake siku ya kwanza na siku ya tano. Nambari hizo mbili zimeigwa katika nchi nyingi, na aghalabu wanaoziiga hawakumbuki kwamba tume ilizifunga kwa sharti: mto uwe na maji ya kuyachanganya yale ya mtambo angalau mara nane. Kijito kinachokauka wakati wa kiangazi hakitoshelezwi na kipimo hicho.

Yanayoharibika katika mtambo wa namna hii hayafichiki kwa mwenye macho. Tope lenye afya lina rangi ya kahawia na harufu ya udongo uliopata mvua. Likiwa jeusi na kunuka kama yai viza, limekosa hewa. Lakini maradhi yanayosumbua zaidi ni tope kukataa kuzama, nayo hugunduliwa kwa jaribio jepesi. Chota lita moja ya mchanganyiko kutoka hodhi la hewa, uimimine katika kopo refu la kioo lenye alama, na usubiri nusu saa. Tuseme tope limetua hata alama ya mililita 250, na mizani ya maabara inasema lita hiyo ilikuwa na gramu 2.5 za tope kavu: kila gramu moja inakalia mililita 100, na hilo ni tope zuri. Baada ya juma moja, uzito ni ule ule, lakini tope limeishia alama ya 600: kila gramu sasa inakalia mililita 240. Ukipita 150, yakupasa kuwa na hofu. Ukitia tone chini ya darubini utaona nyuzi ndefu zimechomoza nje ya vidonge vya tope na kuvizuia visikaribiane. Nyuzi hizo husitawi hewa inapopungua, au majitaka ya kiwanda yanapokuja na sukari nyingi na naitrojeni haba. Kisipotibiwa chanzo chake, tope litapanda katika hodhi la pili hata lifurike pamoja na maji, na jeshi lote liende mtoni.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo kwa sura na kutofautiana nalo kwa sababu, nalo huwababaisha wageni wa kazi. Tope huzama vizuri katika kopo, lakini baada ya saa moja au mbili huibuka vipande vipande. Hapo viumbe vimekosa oksijeni chini, vikaanza kuvuta ile iliyomo katika naitreti, na gesi ya naitrojeni iliyobaki imelinyanyua tope. Dawa yake ni kulirudisha tope upesi zaidi, lisipate muda wa kulala.

Maji yaliyopita hatua zote hizo ni maangavu, wala hayanuki. Na bado yana vijidudu vya kinyesi kwa maelfu katika kila kijiko. Mafanikio ya klorini katika maji ya kunywa, hasa baada ya mji wa Jersey City kuanza kuitumia mwaka 1908, yaliwatia moyo watu wa majitaka nao waitumie mwishoni mwa mtambo. Klorini hutiwa, na maji hupitishwa katika mfereji wa kujipinda kwa muda wa nusu saa hivi. Inapokuta amonia hushikamana nayo na kudhoofika. Inapokuta chembe za tope hutumika juu ya uso wake, na vijidudu vilivyojificha ndani husalimika. Kwa hiyo kosa la hodhi la kutuliza huja kulipwa hapa, na kuongeza dawa hakumwokoi mtu. Tena klorini inayosalia huua samaki, na tangu mkemia Rook alipoonyesha mjini Rotterdam, mwaka 1974, kwamba huungana na masalia ya mimea majini na kuzaa klorofomu na jamii yake, miji mingi imehamia katika taa za miale isiyoonekana, ambazo hudhuru asili ya uzazi ya vijidudu kwa sekunde chache. Taa nazo hazipenyi maji yenye ukungu, na vioo vyake hufanya gamba la chokaa na chuma linalopunguza nguvu bila taa kuzimika.

Katika nchi zetu, ambako minyoo ya tumbo ni adui wa kila siku, kuna upungufu mkubwa zaidi: mayai ya minyoo yana ganda ambalo klorini na taa, kwa kadiri zinazotumiwa kwa kawaida, haziliwezi. Ndiyo maana mabwawa ya majitaka, kama yale ya Dandora huko Ruai, Kenya, au ya Vingunguti katika Dar es Salaam, si ishara ya umaskini kama baadhi ya watu wanavyodhani. Ndani yake mwani ule ambao Lockett aliuzuia kwa karatasi huachwa uote kwa wingi. Mchana huvuta gesi ya kaboni hata maji yakawa na ukali wa magadi, na ukali huo, pamoja na jua na oksijeni, huviua vijidudu vya kinyesi, ilhali mayai ya minyoo huzama yenyewe, kwa sababu maji hukaa kwa siku nyingi katika bwawa moja baada ya jingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1989 kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi yai moja kwa lita, wala vijidudu 1,000 vya kinyesi kwa mililita 100, na mabwawa yaliyojengwa sawasawa huweza kufika hapo bila dawa yoyote.

Lakini hufika hapo kwa siku, na siku hizo huibwa na tope. Bwawa lililochimbwa lichukue majitaka ya siku tano, tope likijaa nusu yake, linachukua ya siku mbili na nusu, na mayai yanaanza kutoka pamoja na maji ambayo kwa macho hayajabadilika. Kipimo chake ni mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe: huteremshwa wima kutoka mtumbwini hata sakafuni, ukatolewa polepole, na doa jeusi lililobaki kitambaani linaonyesha kina cha tope. Likifikia thuluthi ya kina cha bwawa la kwanza, wakati wa kulichota umewadia.